Ukurasa wa Msusi ni Mlango wa Duka: Mwongozo Kamili kwa Kisa cha Salma wa Chake Chake

Wasusi wengi wa huku kwetu hawana shida ya kupata watazamaji. Watu wanapita kwenye ukurasa, wanabonyeza moyo, wanasifia, na hawaji kusuka. Mara nyingi ni kwa sababu anayepita hakuti pale kinachomwezesha kuamua: unasuka nini, kwa bei gani, uko wapi, leo umefungua au umefunga, na nikifika nitamkuta nani ndani. Hilo la mwisho, kwa mwanamke wa Unguja au Pemba anayejistiri, lina uzito kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Nitapita hatua zote kwa kisa cha kutunga. Msusi wetu tumwite Salma. Anasukia chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake mdogo, Machomanne, Chake Chake: viti viwili, draya moja, kioo kikubwa ukutani na pazia zito mlangoni. Ukurasa wake wa Instagram aliufungua tangu yuko skuli. Ndani yake mna picha za mashoga zake, keki za siku ya kuzaliwa, dua za Ijumaa, na katikati yake mitindo ya nywele aliyoiokota kwenye kurasa za watu wengine, maana aliona zinapendeza.

Siku moja akaja mteja kutoka Wete. Kapanda gari asubuhi, kafika, katoa simu: "Dada, nataka hii hii uliyoiweka wewe." Ilikuwa rasta nyembamba mno, kazi ya watu wawili kutwa nzima, na Salma hajapata kuisuka. Akajaribu kumshawishi achague mtindo mwengine. Mteja akajifunga ushungi wake, akasema haya, na akarudi Wete na kichwa kile kile alichokuja nacho. Mama mdogo, aliyeuza vitambaa sokoni Chake miaka mingi, alikuwa kakaa barazani akisikia yote. "Mwanangu, mimi sijatundika mlangoni kanga ambayo ndani sina. Mtu akiiona pale juu, kwake yeye ishakuwa ahadi."

Kazi ya kuubadilisha ukurasa ilianzia hapo.

Kwanza, toa visivyo vya dukani

Usifute kitu kwa hasira. Instagram ina sehemu ya kuhifadhi picha bila watu kuziona. Picha inaondoka mbele ya macho lakini haipotei, na ukitaka kesho unairudisha. Salma alihifadhi picha zote za mashoga na sherehe, na zile za mitindo ya kuokota alizifuta kabisa, kwa sababu hizo hazikuwa zake hata siku moja. Ukurasa ukabaki na picha kidogo sana. Hilo lisikutishe. Mteja anayetafuta msusi hutazama safu mbili tatu za mwanzo akatoka, na afadhali akute picha sita za kweli kuliko mia za watu.

Baadhi ya wasusi hupendelea kufungua ukurasa mpya kabisa. Mimi naona kama wanaokufuata wengi ni wanawake wa mji huo huo uliosoma nao, baki nao. Hao ndio wateja wako na dada zao ndio maharusi wako. Ukiwa unafuatwa na watu wa mbali usiowajua, au wanaume wengi, anza upya.

Laini ya simu nayo itenganishe. WhatsApp Business inaweza kukaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida, mradi kila moja ina namba yake. Salma akasajili laini ya pili kwa ajili ya kazi. Faida yake aliiona mapema: mteja akiandika saa tano za usiku, ujumbe unaingia dukani na hauchanganyiki na mazungumzo ya familia.

Kibao cha nje

Pale juu ya ukurasa Instagram inakupa herufi 150 za kujieleza, nafasi na alama zikiwemo. Wengi wanazimaliza kwa maua, mioyo na maneno kama "urembo ni maisha". Salma naye alikuwa na yake ya namna hiyo. Akaandika upya hivi: "Nasuka na kupamba maharusi. Wanawake na watoto wa kike tu. Machomanne, Chake Chake. Saa 3–12, Ijumaa saa 8–12. Bei zipo hapo chini." Hakuna pambo hata moja, lakini mtu wa Mkoani akiisoma anajua kama apande gari au asipande.

Sehemu ya jina nayo ifanye kazi. Jina la ukurasa linaingia katika utafutaji, basi badala ya "Salma Mrembo" akaweka "Salma Msusi Chake Chake". Anayeandika "msusi Chake" kwenye kisanduku cha kutafuta ana nafasi ya kumkuta. Fikiri vizuri kabla hujalihifadhi, maana Instagram inakuruhusu kulibadilisha jina hilo mara mbili tu ndani ya siku 14.

Kwenye WhatsApp Business kuna pahala pa kuweka saa za kazi, na hapo watu wetu wengi wanateleza. Sisi tunasema saa tatu mpaka saa kumi na mbili, na mkono unaandika 3:00 mpaka 12:00. Simu haijui saa za Kiswahili. Kwake hiyo ni saa tisa za usiku mpaka saa sita mchana. Matokeo yake mteja anayefungua ukurasa alasiri anaambiwa umefunga, na ukiwa umewasha ujumbe wa kutokuwepo kazini kwa kufuata saa hizo, unamjibu "tumefunga" hali wewe umekaa kitini unasubiri. Sahihi ni 09:00 mpaka 18:00, na Ijumaa 14:00 mpaka 18:00. Ukishaweka, chukua simu ya mtu mwengine mchana ufungue ukurasa wako, uone umeandikwa umefunguliwa au la.

Ramani nayo iweke, lakini usiitegemee peke yake. Huku alama ya ramani huweza kuangukia nyumba ya tatu. Andika njia kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo: ushuke wapi, msikiti au duka gani liko karibu, pazia la mlangoni rangi gani.

Picha, na nywele za mtu anayejistiri

Msusi wa mahali kwengine anapiga picha kichwa cha kila mteja, anaweka, kazi imekwisha. Hapa mteja ameingia ndani, pazia limeshuka, ndipo akavua ushungi. Nywele zake si za kuonyeshwa wanaume wasio maharimu wake, na ukurasa haujui nani mwanamume na nani mwanamke. Hivyo dirisha la duka lako lazima lijazwe kwa njia nyengine.

Njia Salma aliyoitegemea zaidi ni kichwa cha mfano, kile cha plastiki chenye nywele wanachojifunzia wasusi. Alinunua kimoja pamoja na kishikizo cha kukibana pembeni ya meza, na kila siku isiyokuwa na mteja akakisuka mtindo mmoja kamili: twende kilioni, mabutu, rasta za wastani, kisha akakifumua na kuanza mwengine. Chini ya picha akaandika wazi, "Kazi yangu, kichwa cha mfano." Ukinunua, uliza kama nywele zake ni za watu au za bandia, za bandia zikipigwa pasi ya moto huyeyuka na kushikana, na hakuna namna ya kuzirudisha.

Namna ya kupiga picha ni muhimu kuliko ubora wa simu. Picha za mwanzo za Salma zilitoka vibaya: kichwa kimekuwa doa jeusi, mistari haionekani. Alikuwa kaweka shuka jeupe nyuma, na simu ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga wa picha nzima, kwa hiyo nywele nyeusi zinazidi kuwa giza. Akabadilisha kitambaa, akaweka cha rangi ya kijivu kisicho na maua. Kanga usiitumie, hata kama ni nzuri. Jicho linakwenda kwenye maua na jina la kanga, halafu mtu anaanza kusoma. Kisha akakisogeza kichwa karibu na dirisha asubuhi, mwanga uingie kwa ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa kivuli kidogo kwenye kila mstari, na msusi hutambuliwa kwa mistari yake. Taa ya simu izime, inamulika mafuta ya kichwani na kuyafanya yang'ae kama jasho. Mwisho, gusa kioo cha simu pale penye nywele kabla ya kupiga, ili simu ipime mwanga hapo na si kwenye kitambaa.

Kazi zinazoonekana bila mtu kuvua kitu nazo ziweke kwa wingi: hina na piko za mikononi, chombo cha singo kilichokwisha kuchanganywa, vifaa vilivyooshwa, kiti kilichotandikwa, pazia likiwa limeshuka. Picha ya pazia Salma aliiona haina maana, nusura asiiweke. Baadaye wateja wapya wakawa wanaitaja: "Nimeona pana pazia na mlango unaelekea uani." Walikuwa wakitafuta uhakika kwamba hawatakaa kichwa wazi huku vijana wanapita nje.

Kwa mteja anayekubali kupigwa picha, mwenye ruhusa ni yeye, na muulize kabla hujaanza kusuka. Ukimuuliza mwisho, keshakaa kutwa nzima mikononi mwako, ataona haya kukataa. Muulize kitu mahsusi: mikono tu, au nywele kwa nyuma bila uso, au kutoonekana kabisa. Akubali kwa maandishi kwenye WhatsApp, na picha umwonyeshe kabla haijapanda. Mtoto wa kike, ruhusa ni ya mzazi wake.

Na kuficha uso si kumficha mtu. Chake ni mji mdogo. Salma aliweka picha ya kisogo cha mteja aliyekubali, bila uso, na kabla ya magharibi wifi yake yule mteja alikwisha kumjua kwa dera alilovaa na hereni ya upande mmoja. Mteja hakulalamika, lakini mumewe alipiga simu, na Salma akaifuta picha saa ile ile bila kubishana. Tangu hapo anamvisha mteja shuka la saluni shingo mpaka magoti, hereni na pete zinavuliwa, na anaangalia kama kuna kovu au doa linalotambulika.

Mambo mawili mengine huponyoka. La kwanza ni kioo: unapiga picha ya mkono wenye hina, nyuma kwenye kioo kuna shoga yake mteja kakaa kichwa wazi anakula embe. Kabla ya kupandisha, ikuze picha ukague pembe zote. La pili ni sauti. Video fupi ya vidole vikisuka inapendeza, ila simu inasikia kila kinachosemwa chumbani, na yanayosemwa saluni mnayajua. Iondoe sauti yote kabla ya kuiweka.

Wapo wanaotengeneza orodha ya marafiki wa karibu, wanawake watupu, wakaweka picha za nywele humo. Ni afadhali kuliko kuziweka wazi, lakini simu ya mke hushikwa na mume na watoto, na picha ya skrini anaweza kuipiga yeyote. Picha ambayo mwenyewe hataki itoke, usiipige.

Bei

"Bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mteja mwenye haya haji inboksi, na asiye na haya anakuja kuuliza, unajibu, anaondoka, na umeshapoteza dakika ulizokuwa unasuka. Wasusi wanasema bei haiwekeki kwa sababu vichwa havilingani. Kweli havilingani, lakini tofauti zake zinajulikana: unene wa rasta, urefu wake, na rasta zenyewe kaleta nani.

Salma akatenganisha ufundi na rasta. Mfano wake wa rasta za wastani, urefu wa mgongoni: ufundi shilingi 25,000, pakiti 4 za rasta kwa 3,500 kila moja, yaani 14,000. Jumla 39,000. Mwenye kuja na rasta zake analipa 25,000 tu. Akaongeza mstari mmoja wa muda: saa nne mpaka tano. Muda ni sehemu ya bei kwa mama mwenye mtoto mchanga au anayewahi gari ya mwisho. Na mwenye nywele nyingi au ndefu sana akaambiwa hapo hapo kwamba ufundi unaongezeka 5,000. Kwa kuwa tofauti imetajwa kabla, hakuna ugomvi kitini.

Orodha hiyo aliiandika kwa herufi kubwa kwenye picha moja, mitindo isiyozidi minane, akaibandika juu kabisa ya ukurasa. Instagram inakuruhusu kubandika picha tatu zisishuke: yeye akaweka bei, njia ya kufika, na utaratibu wa miadi. Acha nafasi tupu pembeni mwa maandishi, kwa sababu picha ikionekana ndogo kwenye ukurasa hukatwa kingo, na "25,000" huweza kusomeka "5,000". Hilo likitokea utalipwa 5,000 au utagombana. Tarehe nayo iandike kwenye picha yenyewe, ili anayekuja na picha ya zamani iliyosambazwa ajue ni ya zamani.

Kumpokea mteja mpaka akae kitini

Katika WhatsApp Business kuna ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe kwa anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila kuwasiliana. Salma aliuandika kama angesema mlangoni: "Assalamu alaykum, karibu. Niko na mteja mkononi, nitakujibu nikipumzika. Niandikie mtindo, siku, na kama una rasta zako." Mambo matatu hayo ya mwisho yanamfanya mteja aeleze shida yake kabla hujashika simu.

Majibu ya kila siku yahifadhi kwa vifupisho. Ukiandika `/bei` linatokea jibu la bei, `/njia` maelezo ya kufika, `/arbuni` namba ya malipo na masharti. Lakini lisome jibu kabla ya kulituma. Mtu aliyeuliza "mna nafasi kesho?" akipewa orodha ya bei anajua hujamsoma.

Tuchukue mteja mmoja tangu mwanzo. Dada yuko Unguja, anakuja Pemba kwa boti Alhamisi, shughuli ni Jumamosi. Jumatatu anaandika: "Waalaykum salaam. Nataka rasta za wastani za mgongoni, Ijumaa. Rasta sina." Salma haulizwi tena bei wala haulizi urefu, vyote vimo. Anatazama daftari: Ijumaa anafungua saa nane mchana na kazi ni ya saa tano, hivyo atamaliza saa moja usiku, baada ya saa za kufunga. Anamwambia ukweli huo, na anampa hiari: Ijumaa saa nane akubali kumaliza usiku, au Alhamisi saa saba mchana akishashuka botini. Mteja anaona boti huweza kuchelewa na Mkoani mpaka Chake pana safari ya gari, anachagua Ijumaa.

Hapo ndipo arbuni inapoingia. Salma anataka 10,000 kwa pesa ya simu, na masharti yamo kwenye jibu lile lile: ukiahirisha siku moja kabla, arbuni inahamia siku nyengine, usipotokea bila taarifa, hairudi, msusi akishindwa mwenyewe, inarudi yote. Sharti hilo la tatu wasusi wengi hawaliandiki, na ndilo linalowafanya wateja waamini mawili ya mwanzo. Pesa ikitumwa, Salma haangalii ujumbe mfupi wala picha ya muamala aliyotumiwa, maana vyote hughushiwa. Anaangalia salio lake. Kisha anaandika: "Nimepokea 10,000. Ijumaa saa nane mchana. Imebaki 29,000." Anaweka lebo kwenye mazungumzo hayo ya "kalipa arbuni", na rasta pakiti nne anazinunua siku ile ile, rangi aliyoitaka mteja, si Ijumaa yenyewe, maduka yanapofungwa kwa sala.

Kujua kama duka linafanya kazi

Idadi ya mioyo haikwambii kitu. Chukua daftari, uandike kila swali la kwanza linaloulizwa. Wakiwa bado wanauliza bei, picha ya bei haionekani au haisomeki. Wakiuliza "uko wapi", maelezo ya njia ni mabovu. Wakiuliza "kuna wanaume?", lile neno "wanawake tu" limejificha. Salma aligundua kwa njia hiyo kwamba wengi walikuwa wakiuliza kama anakwenda nyumbani kwa bibi harusi, jambo ambalo hakuwa kaliandika popote. Akaliandika, pamoja na nauli.

Saa zibadilishe Ramadhani ikiingia, mchana unapungua na wateja wanakuja baada ya tarawehe. Kumbuka kuziandika kwa saa za simu, 21:00 na si 3:00. Shaaban na Mfungo Mosi harusi zinapandana, basi picha ya utaratibu wa miadi iandike siku zilizokwisha kujaa ili watu wasipoteze salio kuuliza. Na rasta zikipanda bei dukani, badilisha picha ya bei siku hiyo hiyo, halafu wapigie wenye arbuni mmoja mmoja uwaambie wao watalipa bei ile ya zamani.